Maziwa Yamekataliwa, Tangi Halipozi, Hesabu Hazilingani: Utatuzi wa Matatizo katika Kituo cha Maziwa cha Kikundi

Mwongozo huu ni wa kikundi cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa nchini Tanzania chenye kituo kimoja cha kukusanyia, tangi la kupoozea la lita 1,000 au karibu na hapo, karani wa mapokezi, na kiwanda kinachotuma gari kila siku au kila baada ya siku moja. Umepangwa kwa dalili, na chini ya kila dalili sababu inayotokea mara nyingi zaidi imetangulia. Tafadhali fuata mpangilio huo, kwa maana vikundi vingi humwita fundi wa majokofu na kumlipa nauli, kumbe tatizo lilikuwa kwenye ndoo au kwenye daftari.

Kabla ya kuanza, kituo kiwe na saa ukutani, kipimajoto cha mkono ambacho si kile kilichofungwa kwenye tangi, laktomita, alkoholi ya kupimia na daftari lenye nafasi ya kuandika saa na nyuzi joto za maziwa ya kila mfugaji. Pasipo saa na nyuzi joto, sehemu kubwa ya yanayofuata itakuwa ni kubahatisha.

## Dalili ya kwanza: Maziwa yalipita mapokezi, lakini kiwanda kimeyakataa kwa kuganda

Sababu ya kwanza ni muda kati ya kukamua na kupoozwa. Maziwa hutoka kwenye kiwele yakiwa na joto la mwili wa ng'ombe, karibu nyuzi 38, na katika joto la aina hiyo bakteria huongezeka maradufu kwa muda wa nusu saa hivi. Maziwa mabichi yana kinga yake ya asili inayowazuia kwa saa chache, na baada ya hapo uchachu huanza kupanda. Kwa hiyo maziwa yaliyokamuliwa saa kumi na moja alfajiri na kupokelewa saa tatu asubuhi yanaweza kupita kipimo cha alkoholi pale mlangoni, huku yakiwa yamebeba bakteria wengi mno. Tangi halitawaua, litawapunguza kasi tu, na siku ya pili uchachu utajitokeza mbele ya dereva wa kiwanda. Angalia daftari: kama maziwa ya njia fulani hufika zaidi ya saa mbili au tatu baada ya kukamuliwa, badilisheni njia ya mkusanyaji au muda wa kuondoka kwake kabla ya kugusa kitu kingine.

Sababu ya pili ni maziwa ya jioni yanayolala nyumbani. Wafugaji wa Nyanda za Juu Kusini huamini kwamba baridi ya usiku inatosha, na ni kweli kwamba Juni na Julai huko Makete au Njombe hewa ya usiku huwa baridi sana. Hata hivyo keni ya lita 20 iliyowekwa sakafuni hupoa polepole, kwa kuwa hewa huondoa joto taratibu kuliko maji, na saa zile za mwanzo ndizo zenye madhara. Keni isimame ndani ya karo la maji baridi yanayofika usawa wa maziwa, maji yabadilishwe mara moja au mbili, na maziwa yakorogwe kwa mwiko safi wa chuma. Muhimu kuliko yote, maziwa ya jioni yasichanganywe na ya asubuhi katika keni moja. Yakija yamechanganywa, karani hawezi kujua anapima nini.

Sababu ya tatu ni vyombo. Ndoo na madumu ya plastiki yaliyokwaruzika huhifadhi mabaki ambayo brashi haiyafikii, na dumu lenye mdomo mwembamba haliwezi kusafishwa kabisa hata likiwa jipya. Uchunguzi wake ni rahisi: funika chombo kikavu kwa dakika kumi, kisha funua na unuse. Chombo safi hakina harufu yoyote. Chenye harufu ya mtindi au ya samli kikataliwe hata kama maziwa ya siku hiyo ni mazuri.

Sababu ya nne mara nyingi haihisiwi kabisa, nayo ni kumimina maziwa mengi ya moto juu ya maziwa yaliyokwisha kupoa. Chukua tangi lenye lita 400 za jana zikiwa na nyuzi 4, kisha asubuhi zinaletwa lita 300 zenye nyuzi 30. Zikimiminwa zote kwa pamoja, mchanganyiko hufikia takriban nyuzi 15, na maziwa ya jana yaliyokuwa salama hurudishwa kwenye joto ambalo bakteria hulipenda. Mchanganyiko haupaswi kuvuka nyuzi 10, na kwa mfano huu kiasi kinachoweza kuingia kwa mara moja ni lita 120 tu. Zilizobaki zisubiri ndani ya keni kwenye karo la maji huku tangi likiendelea kushuka. Kwa kuwa mapokezi huchukua saa moja na zaidi, karani mwenye kipimajoto anaweza kulifanya jambo hili bila kuwachelewesha wafugaji.

Sababu ya tano ni usafi wa tangi lenyewe. Baada ya gari kuondoka, tangi lisuuzwe mara moja kwa maji ya uvuguvugu. Maji ya moto sana hugandisha protini ukutani, na ya baridi huacha mafuta. Kisha lioshwe kwa sabuni ya alkali katika maji ya moto, lisuuzwe, na kutiwa dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye kopo lake. Ukigusa ukuta wa tangi na kuhisi ukoko mweupe au wa manjano unaokwaruza, hiyo ni chumvi ya maziwa iliyojijenga, na alkali haiiondoi. Inahitaji sabuni ya asidi, kwa kawaida mara moja kwa wiki. Usisahau bomba la kutolea maziwa na mpira wake. Mara nyingi tangi hung'aa ilhali bomba limeoza ndani.

Onyo: Asidi na klorini zisikutane kamwe, wala katika ndoo moja wala katika tangi ambalo halijasuuzwa, kwa sababu hutoa gesi yenye sumu inayounguza mapafu. Ikitokea, watu wote watoke nje, milango iachwe wazi, na aliyevuta gesi hiyo apelekwe kituo cha afya hata kama anajisikia nafuu.

Mwisho, linganisheni alkoholi yenu na ya kiwanda. Kipimo cha kawaida cha mapokezi ni kiasi sawa cha maziwa na alkoholi ya asilimia 68, mililita 2 kwa 2. Kiwanda kinaweza kutumia kali zaidi, hasa kikitengeneza maziwa ya muda mrefu, na hapo maziwa yaleyale hupita kwenu na kuganda kwao. Pia chupa isiyofungwa vizuri hupoteza nguvu, na alkoholi iliyopungua nguvu hupitisha maziwa mabaya. Ombeni chupa kutoka maabara ya kiwanda na mpime sampuli moja kwa alkoholi zote mbili.

## Dalili ya pili: Tangi linaunguruma, lakini maziwa hayafiki nyuzi 4

Anza kwa kutumbukiza kipimajoto chako ndani ya maziwa baada ya kikorogeo kufanya kazi kwa dakika chache. Kipimajoto kilichofungwa kwenye tangi kinaweza kudanganya, na zaidi ya mara moja mtambo mzima umefunguliwa kwa sababu ya waya wa kihisi uliochomoka mahali pake. Kama maziwa yamepoa kweli, tatizo ni kihisi tu.

Kama hayajapoa, uliza tangi limepewa kazi gani. Matangi mengi ya vikundi yametengenezwa kupokea nusu ya ujazo wake kwa mkamuo mmoja na kuipooza ndani ya saa tatu hivi. Ukiingiza lita 900 asubuhi moja kwenye tangi la lita 1,000 la aina hiyo, itachukua muda mrefu zaidi hata kama mtambo ni mzima. Huo si ubovu bali ni dalili kwamba kikundi kimelizidi tangi lake.

Kisha tazama kondensa, ile rejeta yenye mapezi membamba ambayo feni huipulizia hewa. Joto lote linalotolewa kwenye maziwa hutokea hapo. Vumbi, pumba na manyoya vikiziba mapezi, au chumba kikiwa kimefungwa madirisha hata hewa ya moto ikawa inazunguka humohumo, kompresa hufanya kazi bila faida na mwisho huungua. Zima umeme kwenye swichi kuu, safisha mapezi kwa brashi laini kufuata mwelekeo wake, fungua madirisha, kisha washa tena. Hii ni sababu ya kawaida sana, na kuiondoa hakugharimu chochote.

Baada ya hapo fikiria umeme. Kwa umeme wa laini moja wa volti 230, volti zikishuka chini ya 207 au hivi, kompresa hupata shida kuanza, hunguruma kidogo na kujikata. Tazama mita ya stebilaiza wakati kompresa inapojaribu kuanza, si ikiwa imepumzika. Kwa mtambo wa laini tatu kuna jambo jingine: baada ya matengenezo ya nguzo au kuunganisha jenereta, laini mbili zinaweza kubadilishana nafasi, na mota ikazunguka kinyume. Aina fulani za kompresa zikizunguka kinyume hupiga kelele isiyo ya kawaida na hazipoozi kabisa. Kama tatizo lilianza siku ileile umeme uliporejea, zima mara moja na umwite fundi umeme aliyesajiliwa.

Simama hapa. Ukiona barafu kwenye bomba linalorudi kwenye kompresa, madoa ya mafuta kwenye maungio ya mabomba, au kompresa inayowaka na kuzima kila baada ya dakika chache baada ya kondensa kusafishwa, huenda gesi inavuja au kifaa cha ndani kimekufa. Hiyo ni kazi ya fundi wa majokofu mwenye vifaa vya kupimia mgandamizo. Usikubali fundi anayeongeza gesi bila kutafuta inapovujia, kwani mtamlipa tena baada ya muda mfupi. Wakati mnamsubiri, msipokee mkamuo mpya. Yaliyomo yapelekwe kiwandani mapema na mengine yaende moja kwa moja kwenye gari.

Kinyume chake hutokea pia: maziwa yanaganda barafu sakafuni mwa tangi. Karibu kila mara ni kwa sababu mtambo umewashwa kabla maziwa hayajafikia pangaboi la kikorogeo. Subirini yafike hapo ndipo muwashe.

## Dalili ya tatu: Maziwa ya mfugaji mmoja yanaganda kwa alkoholi, naye anaapa kwamba ameyakamua sasa hivi

Mara nyingi anasema kweli, na karani anayemwita mwongo anajenga ugomvi bure. Alkoholi hugandisha maziwa yaliyochacha, lakini hugandisha pia maziwa ya ng'ombe aliyezaa karibuni ambayo bado yana dang'a, ya ng'ombe anayekaribia kukaushwa, ya mwenye ugonjwa wa kiwele, na wakati mwingine ya ng'ombe ambaye madini katika lishe yake hayana uwiano.

Chemsha kiasi kidogo katika kikombe cha chuma. Yakiganda kwa moto, yamechacha au yana dang'a, na swali linalofuata ni tarehe ya kuzaa. Yasipoganda kwa moto ingawa yaliganda kwa alkoholi, huenda uchachu si tatizo, chunguza ng'ombe. Mfugaji akamue matone ya kwanza ya kila chuchu juu ya kitambaa cheusi: madonge madogo au majimaji ni dalili ya ugonjwa wa kiwele katika chuchu hiyo. Kwa vyovyote maziwa hayo yasiingie kwenye tangi siku hiyo, lakini kwenye daftari iandikwe sababu halisi badala ya neno "mabovu".

Kiwele kikiwa kimevimba, cha moto, au ng'ombe ameacha kula, aitwe daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Akitibiwa kwa antibayotiki, maziwa ya chuchu zote nne yazuiliwe kwa siku zote zilizoandikwa kwenye dawa, hata kama ni chuchu moja tu iliyotiwa sindano. Kiwanda kikilalamika kwamba maziwa yenu yanapita vipimo vyote lakini mtindi haugandi, tafuteni kwanza nani ametibu ng'ombe wiki hiyo, kisha kama tangi lilisuuzwa vizuri baada ya klorini.

## Dalili ya nne: Laktomita inasoma chini, na mfugaji anatuhumiwa kutia maji

Maziwa halisi ya ng'ombe yana uzito kati ya 1.028 na 1.036 kwa nyuzi 20, yaani laktomita husoma kuanzia 28 kwenda juu. Sababu ya kwanza ya usomaji wa chini si maji bali ni joto. Kwa laktomita iliyowekewa nyuzi 20, ongeza 0.2 kwa kila uzi unaozidi hapo. Maziwa yenye nyuzi 26 yanayosoma 27 kwa kweli ni 28.2, na yamepita. Soma maandishi kwenye kioo cha laktomita kwanza, kwa sababu nyingine, hasa za zamani, zimewekewa nyuzi 15.5 na marekebisho yake huanzia hapo. Zaidi ya hayo, maziwa yaliyokamuliwa muda mfupi uliopita husoma chini kidogo kwa saa chache mpaka mafuta yake yakae sawa, na povu nalo huvuruga usomaji. Yenye mashaka yawekwe kando yatulie, kisha yapimwe tena.

Kama baada ya marekebisho bado yako chini ya 28, hapo maji yanashukiwa, lakini bado si ushahidi. Haki ni kwenda zizini: wajumbe wawili washuhudie ng'ombe wote wa mfugaji huyo wakikamuliwa mpaka mwisho, mkamuo unaofuata, na maziwa yapimwe kwa laktomita ileile. Yakisoma 30 zizini na 27 kituoni, takriban sehemu moja ya kumi ya yaliyoletwa ilikuwa maji. Yakisoma 27 zizini pia, mfugaji ameonewa na kumbukumbu yake irekebishwe. Jueni pia kwamba laktomita peke yake hudanganywa: ukiondoa malai usomaji hupanda, na maji kidogo huurudisha mahali pake. Kikundi chenye mashaka ya aina hii kipeleke sampuli maabara ya kiwanda kupimwa mafuta, ambayo hayapaswi kuwa chini ya asilimia 3.25.

## Dalili ya tano: Daftari la wanachama na stakabadhi ya kiwanda havilingani

Hapa ndipo vikundi hugawanyika, na kwa kawaida neno wizi hutamkwa kabla ya kikokotoo kushikwa. Tuchukue mfano. Daftari la siku linaonyesha lita 500. Mita ya gari la kiwanda inasoma 484. Zimepotea 16, na mwezi mzima hali ni hiyohiyo.

Swali la kwanza: mnapimaje? Kituo hiki hutundika keni kwenye mizani, huondoa uzito wa keni, na karani huandika kilo zilizoonekana kama lita. Lita moja ya maziwa ina uzito wa karibu kilo 1.03, kwa hiyo kilo 500 ni lita 485.4. Katika zile 16, lita 14.6 hazikuwahi kuwepo; iliyobaki, lita 1.4, ni sampuli za vipimo na maziwa yanayobaki kwenye ukuta wa tangi na bomba. Hakuna mwizi. Lakini hasara ipo, kwa sababu kikundi kinawalipa wanachama. Tuseme mwanachama hulipwa shilingi 850 kwa lita: kwa siku 30 ni lita 438 zisizokuwepo, sawa na shilingi 372,300, ambazo zimetoka kwenye fungu la umeme, sabuni na mshahara wa karani.

Tiba ni kuchagua kipimo kimoja. Ama mgawanye kilo kwa 1.03 kabla ya kuandika, ama mlipe kwa kilo kwa bei ya shilingi 825. Mabadiliko haya yapelekwe kwenye mkutano mkuu kwanza na hesabu iandikwe ubaoni, kwa sababu mwanachama atakachoona ni bei kushuka, hali kwa miezi yote iliyopita alikuwa akilipwa shilingi 875.50 kwa lita halisi bila mtu kukusudia.

Kama mnapima kwa lita tangu mwanzo, angalieni ukadiriaji. Karani anayeandika 3.5 pale palipo 3.4 anaonekana mkarimu, lakini kwa wafugaji 120 wanaoleta kidogokidogo huwa ni lita 12 kila siku. Kisha angalieni kijiti cha kupimia tangi: kisomwe kikorogeo kikiwa kimezimwa, maziwa yametulia, povu limeisha, na tangi limesimama sawa; jedwali lake liwe la tangi hilohilo, si la jingine la ujazo ule. Mizani mnaweza kuijaribu kwa ndoo yenye lita 20 za maji, ambazo ni kilo 20 bila uzito wa ndoo. Ikitofautiana, msiifungue wala kugusa lakiri yake; itumike nyingine, na Wakala wa Vipimo waitwe.

Baada ya yote hayo ndipo muwaze wizi. Fungeni bomba la tangi kwa lakiri yenye namba, namba iandikwe usiku na isomwe tena mbele ya dereva asubuhi.

## Dalili ya sita: Fedha ya kiwanda imeingia, lakini haitoshi kuwalipa wanachama

Mara nyingi tarehe za kufunga hesabu hazifanani. Maziwa ya tarehe 31 yaliyobebwa tarehe 1 kwenu ni ya mwezi uliopita, ila kwa kiwanda ni ya mwezi huu. Funga mwezi wenu kwa stakabadhi ya mwisho ya gari na si kwa kalenda. Kisha linganisha makato: pumba, mashudu na huduma ya uhimilishaji iliyokatwa na kiwanda lazima ionekane kwa jina la mwanachama aliyeichukua, la sivyo kikundi kizima kinamlipia.

Inayofuata ni maziwa yaliyokataliwa. Yakikataliwa mlangoni pa kituo, hasara ni ya mfugaji. Yakikataliwa baada ya kumiminwa kwenye tangi la pamoja, mfugaji keshapewa risiti na hasara ni ya kikundi. Jambo hili liandikwe kwenye kanuni kabla halijatokea, na fungu lake litengwe kila mwezi kutoka kwenye tofauti kati ya bei ya kiwanda na bei anayolipwa mwanachama. Kikundi kisicho na fungu hilo hulipa hasara ya leo kwa fedha ya wanachama wa mwezi ujao, na baada ya miezi michache hakuna karani anayeweza kueleza nani anadai nini. Mkifikia hapo, msilipe mwezi mwingine wowote kwa makadirio. Mwombeni afisa ushirika wa wilaya aje na mkaguzi, mkiwa na stakabadhi za gari, madaftari ya mapokezi na taarifa ya benki mezani.